Mahindi yamegeuka njano baada ya maji kusimama: je, CAN ilikuwa feki?

*Nalima ekari moja karibu na Ahero. Niliweka CAN mfuko mmoja mahindi yakiwa magotini, yakakolea kijani. Mvua ikanyesha mfululizo, maji yakasimama siku nne. Sasa majani ya chini ni njano. Mwenye agroveti anasema CAN ilikuwa feki, nipulizie busta, mbolea ya maji ya majani. Ninunue?*

Usinunue. Mbolea feki isingeyakoleza mahindi. Tazama pia palipoinuka, kama kwenye kichuguu: yakiwa bado kijani huko na njano bondeni, mfuko ni uleule na kosa ni la maji.

Mfuko wa kilo 50 wa CAN yenye asilimia 26 una kilo 13 za naitrojeni, chakula kinachokoleza kijani; nusu ni amoniamu, nusu naitreti. Amoniamu hunatwa na udongo wa mfinyanzi, lakini joto la huku likiwa na hewa ya kutosha, bakteria huigeuza naitreti ndani ya wiki chache. Naitreti hainatwi sana na udongo; huenda na maji. Kwenye udongo mwekundu wa Kakamega ingezama chini ya mizizi. Udongo wenu mweusi haupitishi maji upesi, kwa hiyo hasara ni nyingine: oksijeni ikiisha, bakteria wengine hupumua kwa kutumia naitreti, nayo hupaa angani ikiwa gesi. Chimba sentimita 20. Udongo wa kijivu wenye harufu ya uvundo unakuonyesha kwamba hewa ilikwisha.

Sasa hiyo busta. Chupa ya lita moja yenye asilimia 20 ina takriban gramu 200 hadi 250 za naitrojeni. Nusu mfuko wa CAN una kilo 6.5, yaani chupa 26 au zaidi! Kuuza chupa moja kama tiba ya ekari nzima ni kumwibia mkulima mchana, na hesabu yake imeandikwa kwenye lebo.

Chimba mifereji kwanza. Udongo ukiacha kunata kwenye gumboti, na mahindi hayajatoa mbelewele, weka nusu mfuko kwa ekari, sentimita 10 kutoka shina, ufukie. Yakiwa yameshatoa, acha; pesa hiyo hairudi.

Wengine hudanganywa na mwanzo wa msimu. Birch, aliyekuwa mtafiti Muguga, alieleza mwaka 1958 jinsi udongo uliokauka ukilowa unavyooza mboji kwa kasi na kuachia naitrojeni nyingi kwa mpigo. Mche hunawiri, mkulima anaambiwa shamba lina rutuba, au kwamba dawa fulani ya kuloweka mbegu ndiyo iliyofanya kazi. Mizizi ya mche wa wiki mbili haiwezi kuila yote, na masika hayasubiri. Ndiyo maana CAN hugawanywa: nusu magotini, nusu kabla ya mbelewele, na kamwe si siku ambayo wingu limeshafunga.