Mafua yaliyonipandishia kreatinini hadi 231, na wala sikuwa na homa

Juzi usiku dada mmoja kanitumia meseji na picha. Mdogo wake kapandikizwa figo mwaka jana, sasa ana mafua siku ya pili na kikohozi, mwili unamuuma, ila "hana homa kaka, nimempima ni 37.3 tu, duka la dawa wamenipa hizi". Nikaikuza ile picha nikahisi tumbo linavuta. Klarithromaisini na diklofenaki. Zile zile mbili nilizouziwa mimi. Nikampigia hapo hapo, nikamwambia mama, weka chini hizo dawa kwanza tuongee.

Ngoja niwasimulie yangu maana nimekaa nayo muda mrefu na bado inanichoma.

Mimi figo nilipandikizwa India 2019, aliyenitolea ni dada yangu wa tumbo moja. Dawa zangu za kushusha kinga ni zile wengi wetu tunazijua, takrolimasi, mikofenoleti na predinisoloni, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, alamu ya simu inalia hata nikiwa msibani. Miaka minne mitano ya mwanzo nilikuwa muoga balaa, barakoa kila mahali, chanjo ya mafua kila mwaka nachoma hospitali binafsi kwa hela yangu. Halafu nikajiona fundi. Kreatinini yangu, ile taka ya kwenye damu ambayo ikipanda ujue figo inachoka, ilikuwa inacheza kwenye 118, daktari ananisifia mbele ya wagonjwa wapya, mwaka ule chanjo nikairuka. Nilisema nitachoma mwezi ujao, mwezi ujao haukufika.

Mpwa wangu akarudi kutoka bweni anapiga chafya. Mtoto kaja kunikumbatia, nimsukume? Siku ya tatu na mimi nikaanza kukohoa, miguu inauma kama nimelima. Nikapima joto, 37.4. Nikasema hii si kitu, ingekuwa kali ningechemka. Mjomba naye akadakia, mafua tu hayo, mwanaume mzima unalala kitandani.

Hapo ndipo nilipokosea na ndipo nataka mkae hapo kidogo. Homa ni kazi ya kinga ya mwili. Sisi kinga yetu tumeizimisha makusudi ili isiishambulie figo, na predinisoloni yenyewe inashusha joto, kwa hiyo kipimajoto kinaweza kukwambia uko salama huku kirusi kinashuka kwenye mapafu. Siku hizi siangalii joto peke yake, naangalia pumzi. Kama kupanda ngazi nilizozizoea kunanihemesha, kama siwezi kumaliza sentensi bila kuvuta hewa, hiyo ni hospitali, haijalishi ni 37 au ngapi.

Basi mimi nikaenda duka la dawa mtaani, nikapewa zile mbili, na sikusema nimepandikizwa figo. Kwa nini? Aibu. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu. Dada wa duka naye hakuuliza, na hilo sijamsamehe kabisa japo najua kosa la kwanza ni langu.

Siku mbili baadaye nimeshika kikombe cha chai, kikaanza kugonga kisosi, ti ti ti ti, mkono unatetemeka siwezi kuuzuia, chai inamwagika kwenye kitambaa. Mke wangu akaniangalia tu akaenda kuchukua funguo. Ule mtetemeko haukuwa wa mafua, ilikuwa ni takrolimasi imejaa kwenye damu. Klarithromaisini inalizuia ini lisiivunje takrolimasi, kwa hiyo unameza dozi ile ile ya kila siku lakini inabaki mwilini na kurundikana, na ikizidi inaiumiza figo ile ile inayotakiwa kuilinda. Diklofenaki nayo inapunguza damu inayoingia kwenye figo, ibuprofeni ni hivyo hivyo. Na hiyo antibayotiki kirusi cha mafua wala hakiigusi! Nililipa hela yangu mwenyewe kuiumiza figo ya dada yangu.

Majibu yakaja: takrolimasi 19 wakati mimi natakiwa niwe kati ya 5 na 8, kreatinini 231, oksijeni asilimia 93. Nikachukuliwa kipimo cha pua, na daktari hakusubiri jibu, akaanza oseltamiviri, dawa ya kupambana na kirusi cha mafua, palepale. Dawa hii inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, mimi nilikuwa nimeshapitiliza, ila akaniambia kwa mtu mwenye kinga iliyoshuka bado inafaa hata ukichelewa, kwa sababu kirusi kwetu kinakaa muda mrefu. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5, yangu ikapunguzwa kwa sababu figo ilikuwa imelegea. Ndiyo maana usichukue ya jirani. Takrolimasi wakaisimamisha kidogo na kuipunguza wao wenyewe kwa vipimo, na naomba usiwahi kufanya hivyo nyumbani, ukiziacha dawa kwa sababu unaumwa mwili unaweza kuikataa figo. Nilitoka na kreatinini 126. Zile nane hazijarudi mpaka leo.

Sasa mimi nyumbani nina panadoli ya maumivu, maji ya kutosha na namba ya kliniki, basi. Nikianza kukohoa napiga simu siku ile ile, kabla ya kwenda, ili nisikae benchi moja na wenzangu waliopandikizwa nikawaambukiza. Balungi la kutibu mafua analoleta mama mkwe nakataa kwa heshima, nalo linapandisha takrolimasi. Chanjo nachoma kila mwaka, ile ya sindano ambayo kirusi chake kimeuawa, ya kupuliza puani ina kirusi hai, hiyo siyo yetu. Kwetu sindano haishiki vizuri kama kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo mke, watoto na yule mpwa nao wanachoma, hakuna mjadala, hata kama nitaonekana mkali.

Wenzetu wa VVU mnaoniandikia, mtego wenu ni mwingine. Kama unatumia dawa yenye dolutegraviri, vile vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vyenye zinki ambavyo kila mtu anashauri ukiwa na mafua vinaweza kuizuia isinyonywe vizuri, meza dawa yako masaa mawili kabla yake au masaa sita baada yake. Na CD4, yaani zile seli za kinga mnazopimwa, ikiwa chini ya 200 kikohozi usikiite mafua kabla hujapimwa TB. Walio kwenye kemo, nyie joto likigonga 38 ni hospitali usiku huo huo, msinywe panadoli kwanza likashuka mkadanganyika.

Yule mdogo wa dada alipelekwa asubuhi yake, kaanzishiwa oseltamiviri akiwa bado ndani ya zile saa 48. Kitu kimoja tu nusura wakosee, alikuwa ameshika glasi ya maji ameze takrolimasi kabla ya kutoka. Nikamwambia dada mzuie, kipimo cha kiwango cha takrolimasi kwenye damu kinachukuliwa kabla ya dozi ya asubuhi, mwambie aiweke mfukoni ameze akishatolewa damu.