Kibandiko cha dawa mseto kwa asiyesoma: panga picha kutoka juu kwenda chini

Ukiandika 4x2 kwenye bahasha ya dawa, unaelewa wewe na mtoa dawa mwenzako. Mzee aliyetoka kijijini kuja dukani kwetu hapa Masasi anaona mikwaruzo tu. Kwa dawa nyingi mtu ataokolewa na maelezo ya mdomo, lakini dawa mseto ya malaria ina ratiba inayosahaulika kabla hajafika nyumbani. Dozi ni sita kwa siku tatu. Ya pili inafuata saa nane baada ya ya kwanza, kisha siku ya pili na ya tatu ni asubuhi na jioni. Mtu mwenye kilo 35 na zaidi anameza vidonge vinne kila mara, vyote pamoja 24.

Wengi wetu tukisikia kibandiko cha picha tunakimbilia jua na mwezi, tunavipanga mstari mmoja kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo pana mitego miwili. Wa kwanza ni jua lenyewe: jua linalochomoza na linalozama, likichapwa kwa wino mweusi, ni picha ileile. Wa pili niliuona kwa wazee waliosoma madrasa wakiwa watoto. Huku kwetu Mtwara na Lindi wapo wasiojua kusoma gazeti ila msahafu wanausoma vizuri, na macho yao huanzia kulia. Mzee wa namna hiyo ukimpa mstari wa picha, anaanza na ya jioni ya siku ya tatu, na haoni kosa lolote kwa sababu kwake huo ndio mwanzo.

Kwa hiyo nashauri safu moja inayoshuka. Juu ni juu kwa kila msomaji, awe wa shule au wa madrasa. Chora visanduku sita, kimoja chini ya kingine, kila kimoja kisipungue sentimita moja na nusu kwenda chini, na baada ya kila viwili piga mstari mnene wa kutenga siku. Urefu unafika sentimita tisa, hivyo bahasha ndogo haitoshi. Tumia kipande cha karatasi ngumu ukibane pamoja na dawa.

Asubuhi mimi naweka jogoo anayewika. Jioni naweka sahani ya chakula pembeni ya chemli iliyowashwa. Sahani inafanya kazi mbili, maana dawa mseto hufyonzwa vizuri ikiliwa na chakula chenye mafuta kidogo, hata uji wa karanga unatosha. Picha zote mbili fundi mihuri anaweza kukuchongea, ukawa unagonga tu.

Vidonge usivichape. Acha nafasi kando ya picha, uchore viduara kwa kalamu kulingana na uzito: kilo 5 hadi 14 kimoja, 15 hadi 24 viwili, 25 hadi 34 vitatu, 35 na zaidi vinne. Ukichapa viduara vinne halafu ukakata viwili kwa ajili ya mtoto, mama atahesabu vinne.

Chukua mtu mzima aliyepimwa akakutwa na malaria, akafika saa nne asubuhi. Dozi ya kwanza anameza mbele yako, na palepale unakata kisanduku cha juu kwa mkasi. Kisanduku kinachofuata ni cha jioni hiyohiyo, saa kumi na mbili. Kila akimeza nyumbani, naye anakata au kuchana kimoja. Kukata kwa mkasi nimeona kunaeleweka kuliko kuweka X, ambayo wengine huichukulia kuwa dawa imekatazwa.

Kabla ya kuchapa nyingi, jaribu kwa watu wasiosoma. Usiulize "umeelewa?", maana kila mtu atasema ndiyo kwa heshima. Mpe punje za mahindi, umwambie: "Babu, niwekee hapa utakavyomeza kesho." Kipimo cha Kimarekani cha picha za tahadhari, ANSI Z535.3, kinataka asilimia 85 waelewe sawasawa, na wasiozidi asilimia 5 waelewe kinyume cha hatari. Kwa watu 20 ni 17 waliopatia, na asizidi mmoja aliyeelewa jambo la kumdhuru, kama vile kumeza zote kwa mkupuo. Huyo mmoja mhoji kwa kirefu kuliko wale 17, atakuonyesha ni picha gani ya kubadilisha.

Mgonjwa akifika saa kumi jioni, kibandiko hiki hakitoshi. Dozi ya pili inaangukia saa sita usiku, wakati chemli imezimwa na watu wamelala. Hapo muulize nani nyumbani ana simu, mtegeeni kengele pamoja kabla hajaondoka, na umwoneshe kisanduku ambacho kengele hiyo inakihusu.