Majimaji ya kahawia miaka mingi baada ya kukoma hedhi: majibu kwa wasomaji

"Habari mwanangu daktari. Nina miaka 63, hedhi ilikoma nikiwa na 50. Natokwa na majimaji mepesi, siku nyingine yana rangi ya kahawia. Damu sijaiona. Zahanati wamenipa dawa za uchafu mara mbili, yanakauka kisha yanarudi." (Mama, Tanga)

Shikamoo mama. Nianze na hiyo rangi. Kahawia ni damu. Damu ikitoka kidogo kidogo na kukaa ukeni kwa saa kadhaa, inapofika kwenye nguo huwa imeshapoteza wekundu wake. Kwa hiyo, kwetu sisi wa hospitali, wewe unatokwa na damu baada ya hedhi kukoma. Naomba uyaseme hivyo hivyo ukifika. Ukisema "nina uchafu", utapewa dawa za maambukizi kwa mara ya tatu. Ukisema "natokwa na damu ya kahawia na hedhi ilikoma miaka 13 iliyopita", mhudumu anayeijua kazi yake atakupandisha kitandani akuangalie.

Sababu inayoongoza ni wembamba wa ngozi ya ndani ya uke. Ovari zikipumzika, homoni ya estrojeni hushuka. Ngozi ile, iliyokuwa nene na yenye mikunjo, inabaki nyembamba na kavu. Bakteria wazuri waliokuwa wakitunza asidi ya uke hupungua, na ngozi huchubuka hata kwa kujipangusa. Hapo ndipo hutoka majimaji mepesi, ya manjano au yenye doa la kahawia, pamoja na kuwashwa, kuungua wakati wa kukojoa na maumivu ya tendo la ndoa. Ukuta wa uke huonekana umepauka, laini, wenye vidoti vyekundu.

Tatizo ni kwamba vidoti hivyo havithibitishi kuwa ndiyo chanzo pekee. Mwanamke anaweza kuwa na ngozi nyembamba ukeni na wakati huo huo akawa na uvimbe ndani ya mfuko wa uzazi. Kati ya wanawake kumi wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, takriban mmoja hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Tisa waliobaki hawana, ila huwezi kujua uko kundi gani kwa kutazama pedi.

Kwako wewe ningefanya hivi. Kwanza, kuangalia uke na mlango wa kizazi kwa kile kifaa cha kupanulia, kikipakwa kilainishi na cha saizi ndogo. Pili, altrasaundi ya kupitia ukeni, kupima unene wa utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Ukiwa milimita 4 au chini, uwezekano wa saratani ya utando huo ni mdogo sana, na kama mlango wa kizazi ni safi tunaweza kuanza kutibu ngozi. Ukizidi hapo, tuseme milimita 9, hatubahatishi: kamrija kembamba kanapitishwa kwenye mlango wa kizazi na kuvuta vipande vidogo vya utando vipelekwe maabara. Unaumwa tumbo kama la hedhi kwa muda mfupi, na mara nyingi unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hata mwenye milimita 3, kahawia ikiendelea kurudi, achukuliwe kipimo hicho, kwa sababu zipo saratani chache zisizonenepesha utando.

"Mwaka jana nilipimwa mlango wa kizazi kwa siki nikaambiwa niko salama. Sasa natokwa na maji yenye harufu. Nina miaka 58, nirudie?" (Mbeya)

Ndiyo, dada, tena usirudie siki. Sehemu ya mlango wa kizazi ambako ugonjwa huanzia hupanda ndani ya njia yake baada ya hedhi kukoma, na muuguzi haioni hata awe hodari kiasi gani. Kwa umri wako kipimo cha kirusi cha HPV kinafaa zaidi. Lakini hata hicho ni cha mtu asiye na dalili. Wewe unazo, kwa hiyo unahitaji kuangaliwa, na kikionekana kidonda au kinyama, kikatwe kipande kidogo kikapimwe. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, na majimaji yenye harufu isiyoisha kwa kuoga ni moja ya dalili zake. Kipimo cha siki, vyovyote kilivyosoma, hakikuangalia ndani ya mfuko wa uzazi.

"Muuguzi kasema mke wangu, miaka 55, ana maambukizi. Sisi tunaaminiana. Yametoka wapi?" (Mombasa)

Si lazima yatoke kwa mtu. Asidi ikipungua, bakteria waliokuwepo siku zote huongezeka na kuleta harufu. Trikomonasi huambukizwa kwa kujamiiana, lakini huweza kukaa mwilini muda mrefu bila dalili, basi msigombane. Mkitibiwa, mtibiwe wote wawili. Fangasi si kawaida baada ya kukoma hedhi, hivyo wakirudi rudi apimwe sukari.

Muulize pia kama aliwahi kuwekewa kitanzi. Wapo akina mama waliokisahau ndani. Na kama ana homa, maumivu chini ya kitovu na usaha, aende hospitali leo. Usaha unaweza kujaa kwenye mfuko wa uzazi pale mlango wake unapoziba, na wakati mwingine kilichoziba ni uvimbe.

"Yangu ni maji matupu, hayana rangi wala harufu, ila yanalowesha pedi." (Kigoma)

Kwanza tujue kama ni mkojo, hasa ikiwa umewahi kufanyiwa upasuaji wa nyonga au mionzi, au ulipata uzazi mgumu. Daktari huweka pamba ukeni, kisha hujaza kibofu maji yenye rangi ya buluu kwa mpira. Pamba ya juu ikitoka buluu, kuna tundu kati ya kibofu na uke. Pamba ikibaki nyeupe, fanya altrasaundi hata kama hakuna kahawia. Kwa nadra, uvimbe kwenye mrija wa uzazi hutoa maji kwa mkupuo: tumbo linauma upande mmoja, maji yanamwagika, maumivu yanapoa. Mwambie daktari kama ndivyo inavyokuwa kwako.

"Nimeandikiwa homoni ya kuweka ukeni, naogopa saratani. Mama mkwe ananishauri shabu na maji ya mwarobaini." (Zanzibar)

Shabu hukausha na mwarobaini huunguza ngozi ambayo tayari ni nyembamba. Zote mbili ziacheni, na sabuni isiingie ndani. Dozi ya ukeni ni ndogo sana: kwa kidonge cha mikrogramu 10, ni kimoja kila usiku kwa wiki 2, halafu mara mbili kwa wiki. Kiasi kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze kwanza na daktari wake, na anayetumia tamoksifeni aitaje, maana dawa hiyo inaweza kunenepesha utando wa mfuko wa uzazi.

Usianze homoni kabla kahawia haijachunguzwa. Ukishaanza, vumilia: ukavu huanza kupungua baada ya wiki chache, na nafuu kamili inaweza kuchukua miezi 3. Ukiacha dawa, ukavu utarudi. Lakini kahawia ikirudi ukiwa bado unaitumia, usiongeze dozi. Rudi upimwe utando.