Majina ya miezi na siku: herufi kubwa au ndogo?

"Wadau, naandaa kadi za harusi. Kwa Kiingereza najua miezi na siku huanza na herufi kubwa. Kwa Kiswahili ni vilevile? Na ni Februari au Febuari?"

Ndugu yangu, ni vilevile. Januari, Februari, Jumamosi na Alhamisi ni majina maalumu, kwa hiyo yanaanza na herufi kubwa hata yakiwa katikati ya sentensi. Nachapa kadi na matangazo hapa Ngamiani, Tanga, na hili ndilo ninalolirekebisha kuliko yote.

Wengi wanaponzwa na kompyuta. Programu ikiwa imewekwa Kiingereza, ukiandika "saturday" inakuwekea S kubwa yenyewe, lakini "jumamosi" inaiacha ilivyo. Mtu akiona haijabadilika anadhani ndiyo sahihi. Hapo uirekebishe kwa mkono.

Maneno yanayoandamana na majina hayo hubaki na herufi ndogo: siku, juma, wiki, tarehe, mwezi. Ndiyo maana "Februari" ina herufi kubwa, ila "mwezi wa pili" haina, kwa sababu hapo unahesabu tu. Masika, vuli, kusi na kaskazi nayo ni herufi ndogo. Na Jumatatu ni neno moja. "Juma Tatu" kwenye kadi inasomeka kama jina la mtu.

Chukua mfano wa mteja aliyeleta hivi:

"Siku ya jumamosi ya tarehe 14 Febuari 2026, saa 10 jioni."

Tukaitoa hivi:

"Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Februari 2026, saa 10 jioni."

Februari ina r mbili. Ile ya kwanza humezwa tunapoongea, ndiyo maana hudondoka kwenye maandishi. Kwa miezi mingine, kumbuka kwamba Kiswahili sanifu hakitumii c peke yake bila h. Kwa hiyo Oktoba ina k, Desemba ina s, na Machi inabaki na ch yake. Tena yote kumi na miwili inaishia na irabu: Aprili, Agosti, Septemba. Ukiona "Oktober" au "August" kwenye kadi ya Kiswahili, ujue Kiingereza kimepenya. Kwa ufupisho unakata tu herufi tatu za mwanzo, ndiyo maana Machi inakuwa Mac bila h: Mac, Ago, Okt, Des.

Kwa sisi wa pwani kuna jambo jingine la kuangalia. Mzee akikwambia shughuli iko mfungo sita, usiandike Juni. Mfungo huhesabiwa kuanzia baada ya Ramadhani: mfungo mosi ni Shawali, na mfungo sita ndio mwezi wa Maulidi. Miezi hiyo hufuata mwandamo, hivyo kila mwaka husogea nyuma siku kama kumi na moja kwenye kalenda ya Januari hadi Desemba. Muulize mzee tarehe yenyewe, uziandike zote mbili kwenye kadi, ya mfungo na ya kalenda ya kawaida, ndipo upeleke kuchapa.