Setilaiti ya juu au za chini kwa shule ya mbali: chunguza anga kwanza

*"Shule yetu iko mbali na mji, tuna dishi la setilaiti la zamani na mtandao unakokota. Tunaambiwa tuhamie setilaiti za chini. Lakini nasikia zile hupita mbio na kupokezana kila mara. Je, somo la video halitakatika?"*

Mwalimu, mimi ni fundi, nakaa Nairobi lakini kazi yangu kubwa iko shule za kaskazini, na dishi za aina zote mbili nimezifunga.

Setilaiti ya dishi lenu la zamani imetulia juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Ombi la mwanafunzi hupanda, hushuka kwenye kituo cha ardhini, kisha jibu hurudi kwa njia ileile. Kwa mwendo wa mwanga safari hiyo peke yake hula karibu milisekunde 480, na ukipima shuleni utaona 600 au zaidi. Ukurasa salama wa tovuti hauji kwa safari moja: kutafuta anwani, kufungua muunganisho, kukubaliana usimbaji, ndipo ukurasa wenyewe uombwe. Safari nne hizo ni sekunde 2.4 kabla hujaona herufi hata moja. Ndiyo maana kuongeza kasi ya bando hakuwasaidii walimu wanaopakia alama fomu baada ya fomu. Video iliyorekodiwa huenda vizuri tu ikishaanza; maongezi ya moja kwa moja ndiyo yanayoumia, watu wanakatizana maneno.

Setilaiti za chini, kama hizi za Starlink, ziko kilomita 550 hivi. Kupanda na kushuka, kwenda na kurudi, hakufiki milisekunde 10 ikiwa kituo cha ardhini kiko karibu. Vipimo vyangu vya mwaka huu vimekuwa kati ya 30 na 60.

Sasa kupokezana. Setilaiti moja huonekana kwa dakika chache tu, na ratiba ya nani ahudumie dishi gani hupangwa upya kila sekunde 15. Dishi halizunguki, hugeuza mwelekeo wa mawimbi kwa umeme. Mbadilishano ukienda sawa hupoteza pakiti moja mbili za data, au namba za ucheleweshaji huruka kutoka 35 hadi 50, na video haitambui. Kinachokata somo mara nyingi ni kitu kilichosimama mbele ya dishi.

Kuna shule moja ya bweni tuliyoifunga dishi mwezi wa Februari, kwenye ukuta karibu na jiko. Kando yake palikuwa na mgunga mkubwa, matawi makavu matupu, na ramani ya vizuizi kwenye simu ilikuwa safi. Mvua za Aprili zikaja, mgunga ukavaa majani. Naibu mwalimu mkuu akanipigia: "Fundi, darasa linaganda kila baada ya dakika chache." Wenyeji walishaamua ni kupokezana kwa setilaiti. Niliacha kipimo hiki kwenye laptopu yenye Linux kwa saa nzima:

```
ping -D -i 0.2 1.1.1.1 > pima.txt
```

Kila mstari huanza na saa kwa sekunde. Igawanye kwa 60, kinachobaki ni sekunde ya dakika hiyo. Miruko midogo ilikuwa kwenye sekunde ya 12, 27, 42 na 57, na huo ndio mpokezano wa kawaida. Lakini mapengo ya sekunde nne hadi nane yalianza sekunde yoyote ile, na ramani mpya ikaonyesha wekundu upande mmoja tu, ulipo mgunga. Tulihamisha dishi juu ya paa la bweni kwa nguzo ya mita tatu. Mapengo yakaisha, na mti hatukuukata kwa sababu watoto hula chini ya kivuli chake.

Hapa kwetu kuna jambo la ziada. Setilaiti nyingi za Starlink hupita kwa mwinamo wa nyuzi 53, kwa hiyo husongamana karibu na latitudo hiyo na kuwa chache zaidi juu ya ikweta. Upande mmoja wa anga ukizibwa, mbadala ni wachache. Dishi la setilaiti iliyotulia ni kinyume chake: linahitaji tundu moja tu angani, na kwetu tundu hilo mara nyingi liko juu karibu na utosi. Shule nyingine, iliyo bondeni kati ya miti mirefu ya msitu wa hifadhi, nilishauri wabaki na dishi lao. Tuliwawekea kompyuta ya kuhifadhi masomo, inayapakua usiku, na mchana wanafunzi huyafungua bila kugusa setilaiti.

Kwa hiyo kabla hamjalipa, simama na simu pale dishi litakapokaa, pima vizuizi kwa programu ya Starlink, kisha uliza wazee miti iliyo hapo huwa na majani miezi gani. Kama ni kiangazi sasa, hesabu tawi tupu kama ukuta.