Msomaji hajaiona hiyo pampu: a, an na the kwa sisi tuliolelewa na Kiswahili

Mwaka wangu wa kwanza kwenye mradi wa visima vijijini, niliandika ripoti ya Kiingereza yenye sentensi hii: “We repaired the pump in the village.” Kijiji chenyewe kilikuwa na pampu tatu za mkono, zote mbovu. Tulitengeneza moja. Miezi miwili baadaye nikaomba fedha za vipuri vya zile mbili zilizobaki, na jibu likaja kwamba, kwa mujibu wa ripoti yangu, kijiji kile kina pampu moja na imeshatengenezwa. Iliniuma, maana akina mama walikuwa bado wanapanga foleni ya ndoo alfajiri. Lakini nilipoisoma tena ile sentensi nikaona kwamba walionijibu walinielewa kama nilivyoandika. “The pump”, kwa umoja, humwambia msomaji kwamba hapo pampu ni moja tu na haina haja ya kuulizwa ni ipi.

Tangu siku hiyo nimeacha kuvichukulia hivi vineno vitatu kama mapambo. Kiswahili hakina vineno vya namna hiyo, Kirusi hakina, Kikorea hakina, na watu wa lugha hizi wakiandika Kiingereza hukosea katika mambo yanayofanana. Kosa linaloonekana haraka ni kuviacha: “I am teacher”, kwa kuwa sisi tunasema “mimi ni mwalimu” na sentensi imekamilika. Hilo lina tiba rahisi. Jina la kitu kinachohesabika, likiwa katika umoja, halikai uchi katika Kiingereza. Lazima litanguliwe na kitu: a, an, the, my, this, one, chochote kati ya hivyo. Ukimaliza kuandika, pitia ukurasa ukitafuta majina ya umoja yaliyo uchi tu, usishughulike na jingine. Yanayobaki uchi kihalali ni machache, mengi yakiwa majina ya mahali na misemo iliyozoeleka kama “by bus” au “at night”.

Kosa linaloumiza zaidi ni lile langu, na linawakuta hata watu walioandika Kiingereza miaka ishirini. Tunaweka the kwa sababu sisi wenyewe tunakijua kitu. Mimi nilisimama kando ya ile pampu, nikaigusa, mikono ikaingia grisi. Kichwani mwangu ilikuwa pampu mahususi kabisa. Mwaka 2004 watafiti Ionin, Ko na Wexler walichapisha uchunguzi wao juu ya Warusi na Wakorea wanaojifunza Kiingereza, wakaonyesha jambo hilihili: mwanafunzi huelekea kuweka the pale anapokuwa na kitu fulani mawazoni, hata kama anayemwambia hakijui. Lakini the haiulizi kama wewe unakijua. Inauliza kama msomaji, kwa alichokwisha kusoma na anachokijua, ataweza kukitambua bila kuuliza “kipi?”

Jambo hili tunalo tayari katika Kiswahili, ila tunalitenda kwa njia nyingine. Msikilize bibi akianza hadithi: “Hapo zamani palikuwa na mzee mmoja.” Hawezi kuanza na “yule mzee”, wajukuu watauliza yupi. Baada ya sentensi ya kwanza ndipo anasema “yule mzee akaondoka”, au “mzee akaondoka”, na kila mtu anamjua. “Mzee mmoja” ni a, “yule mzee” ni the. Hata kitenzi chetu husaidia. “Nimenunua mpini” ni habari mpya. “Nimeununua mpini” ni ule tuliouzungumzia jana. Ila kipimo cha kitenzi kina mpaka wake: kwa watu na wanyama hakikuambii kitu, kwani “nimemwita fundi” tunasema vilevile, awe fundi yeyote au yule unayemjua. Hapo rudi kwenye “mmoja” na “yule”.

Tuipitie aya moja kutoka kwenye daftari langu la wakati ule: “On Tuesday we visited the village. Chairman told us that the pump was broken. We called the technician. We now need the new handle.”

“The village”: ripoti ndiyo kwanza inaanza na msomaji hajatajiwa kijiji chochote. Bibi angesema “kijiji kimoja”, kwa hiyo “a village”, au bora zaidi kitajwe kwa jina. “Chairman” liko uchi. Ukifuata hadithi ya bibi bila kufikiri utaweka a, kwa sababu anatajwa mara ya kwanza, na utakosea. Kijiji kikishatajwa, mwenyekiti anakuja nacho, naye ni mmoja. Mimi hujaribu kuongeza “wake” au “chake”: mwenyekiti wake, na hakuna wa pili, basi “the chairman”. Jaribu hilohilo kwa pampu: pampu zake ni tatu, kwa hiyo the kwa umoja haiwezekani, na lazima iwe “one of the three pumps”. “The technician” nilikuwa na sura yake kichwani, msomaji hana. “A technician from town” inatosha, na sentensi inayofuata ndiyo itamwita the. Na “the new handle”? Mpini huo bado haujanunuliwa, uko dukani pamoja na wenzake, na wowote utafaa. Ukiweza kusema “wowote”, andika a.

Kabla ya kuweka a hakikisha kwanza kitu kinahesabika kwa Kiingereza. Sisi tunasema ushauri mmoja, taarifa mbili, vifaa vitatu. Wao “advice”, “information” na “equipment” hawavihesabu, kwa hiyo “an advice” haipo. Orodha hii haina mantiki ya kuitegemea. Angalia kamusi, jina lililoandikiwa herufi U halihesabiki.

An yenyewe hufuata sauti, siyo herufi. “An hour”, kwa kuwa h haitamkwi. “A university”, kwa kuwa inaanza na sauti ya “yu”. Vifupisho visome kwa sauti: “an NGO”, maana unatamka “en”. Soma kwa mdomo, sikio litakuambia.

Majina ya mahali usiyatafutie kanuni ndefu. Mto na bahari huchukua the: the Rufiji, the Indian Ocean. Ziwa na mlima mmoja havichukui: Lake Victoria, Mount Kilimanjaro. Safu ya milima inachukua: the Usambara Mountains. Na ukikuta “in hospital” kwa Mwingereza na “in the hospital” kwa Mmarekani, wote wako sawa. Chagua upande mmoja, ukae nao hadi mwisho wa ripoti.

Ile ripoti niliiandika upya. Sentensi ilisomeka: “We repaired one of the three pumps in the village. The other two still need new seals.” Angalia hiyo “the other two”. Kwenye rasimu nilikuwa nimeandika “another two”, nikaifuta, kwa sababu ingemaanisha pampu mbili nyingine kutoka popote, na msomaji angehesabu tano. Zikiwa tatu na moja imetoka, mbili zilizobaki ndizo zote zilizosalia, na hakuna wa kuuliza zipi.