Namba za NIDA zimegeuka 1.98502E+19: zimefichwa au zimepotea?

Swali: Habari mtaalamu. Orodha ya wanachama wa SACCOS yetu ilikuja kwa PDF. Nimelitoa jedwali kwa Tabula, nikapata faili ya CSV, nikaifungua kwa Excel. Namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele, nyingine zinaonekana 2.557E+11, na namba za NIDA zote ni 1.98502E+19. Nimebadilisha safu kuwa Text, wapi! Je, Tabula ndiyo imeharibu? Orodha inatakiwa iende benki kwa malipo ya gawio. (Mhasibu, Morogoro)

Jibu: Salama, ndugu mhasibu. Kabla ya kujaribu kitu kingine chochote, funga Excel na ikikuuliza kama ihifadhi mabadiliko, kataa. Kisha bofya ile CSV kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uifungue kwa Notepad. Kama hujawahi kubonyeza Ctrl+S ndani ya Excel, utakuta mistari ya namna hii:

```
jina,simu,nida
Mwanachama A,0700000001,19850230123450000612
Mwanachama B,255700000002,19850230123450000725
```

(Namba za NIDA hapo nimezitunga kwa tarehe 30 Februari makusudi, zisije zikawa za mtu.) Sifuri zipo, tarakimu zote 20 zipo. Tabula imefanya kazi yake vizuri. Aliyeharibu ni Excel, na ameharibu pale ulipoifungua faili kwa kubofya mara mbili.

CSV ni maandishi matupu. Hakuna mahali ndani yake panaposema kwamba safu hii ni namba za kupigia hesabu na ile ni namba za utambulisho. Kwa hiyo Excel inabahatisha: ikiona tarakimu tupu, inachukulia kuwa ni kiasi, kama shilingi au kilo. Na kiasi hakiandikwi na sifuri mbele. Hata ukizifunga namba ndani ya alama za nukuu kwenye CSV haisaidii, maana Excel inazivua nukuu kwanza ndipo inaanza kubahatisha.

Sasa, madhara uliyoyaona ni ya aina tatu, na hayalingani uzito.

Ya kwanza ni 0700000001 kuwa 700000001. Hili ni dogo. Namba ya simu ya mkononi ya Tanzania ina tarakimu tisa baada ya sifuri, kwa hiyo unajua kilichopotea ni nini na unaweza kukirudisha.

Ya pili ni 255700000002 kuonekana 2.557E+11. Hapo namba bado ni nzima ndani ya seli. Excel ikiwa kwenye mtindo wa General huonyesha namba ya tarakimu 11 kama ilivyo, lakini ikifika 12 inaifupisha kwa njia hiyo ya E. Ukichagua Number na kuondoa desimali, itajitokeza yote.

Ya tatu ndiyo balaa. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote, na kuanzia ya 16 inaweka sifuri. Namba ya NIDA ina 20. Nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, tano zinazofuata ni msimbo wa eneo, halafu tano za mfuatano, na mbili za mwisho. Hesabu 15 kutoka mwanzo: tarehe imebaki, eneo limebaki, na mbili za mfuatano zimebaki. Tano zilizosalia zimefutwa. Ukiibadilisha seli ya Mwanachama A kuwa Number utaona 19850230123450000000. Ya Mwanachama B? 19850230123450000000 pia. Watu wawili wenye tarehe moja ya kuzaliwa na eneo moja wamekuwa mtu mmoja, na ukibonyeza Remove Duplicates kwa safu hiyo, mmoja wao hapati gawio. Tukijua ni wazee wangapi walioandikishwa kwa tarehe 1 Julai au 1 Januari kwa kutojua siku yao halisi, hili si jambo la nadra.

Ndiyo maana kubadilisha safu kuwa Text hakukusaidia. Text inaiambia Excel namna ya kupokea kitakachoandikwa kuanzia sasa, haiwezi kurudisha tarakimu ambazo hazipo tena kwenye seli.

Ctrl+S nayo ina madhara yake. Excel ikihifadhi CSV huandika kile kinachoonekana kwenye skrini, si kile kilicho ndani ya seli. Yaani 2.557E+11 inaandikwa hivyo hivyo kwenye faili, na ile simu iliyokuwa bado nzima imekufa rasmi. Kuna njia rahisi ya kujua faili limepitia hatua ipi. Badilisha safu ya NIDA kuwa Number bila desimali uitazame. Zikiisha kwa sifuri tano, namba zilipita Excel mara moja. Sifuri zikianzia baada ya tarakimu ya sita, kama 19850200000000000000, basi faili limeshahifadhiwa kama CSV likiwa katika hali ile ya E, kisha likafunguliwa tena. Kwa namba za simu zinazoanza na 255 dalili ni zote kuishia na sifuri sita. Katika hali hizo hakuna fomula ya kukuokoa kwenye NIDA. Kama CSV ikifunguliwa kwa Notepad bado ina tarakimu zote, anza upya na hiyo; kama haina, rudi kwenye PDF ulitoe jedwali upya.

Sasa tuifungue CSV inavyotakiwa. Anza na kitabu kipya kitupu cha Excel, nenda Data, kisha From Text/CSV, chagua faili lako. Dirisha la hakikisho litatokea. Juu yake kuna sehemu iitwayo Data Type Detection. Iweke kwenye Do not detect data types. Utaona mara moja sifuri zinarudi mbele ya simu na NIDA zinakuwa ndefu kamili. Ukibonyeza Load, kila kitu kinaingia kama maandishi, na kazi imekwisha.

Ila mara nyingi kwa njia hiyo vichwa vya safu huwa Column1, Column2, Column3, na majina yako halisi yanashuka kuwa mstari wa kwanza. Wengi wakiona hivyo wanabonyeza Transform Data, kisha Use First Row as Headers, na hapo wananaswa upya: Excel inaweka hatua nyingine kimya kimya, iitwayo Changed Type, inayobahatisha tena kama mwanzo. Itazame orodha ya Applied Steps upande wa kulia. Ukiikuta Changed Type mwishoni, ifute kwa alama ya X iliyo pembeni yake. Kama unapendelea kubadilisha safu moja moja kuwa Text badala ya kuifuta, Excel itakuuliza Replace current au Add new step. Chagua Replace current. Ukichagua ile nyingine, namba itageuzwa kwanza kuwa kiasi, kisha kiasi kilichokatwa ndicho kitakachogeuzwa kuwa maandishi, na utabaki ukishangaa kwa nini safu imeandikwa Text na sifuri hazipo.

Ukimaliza, bonyeza Close & Load na uhifadhi kama .xlsx, si CSV. Faili la .xlsx linakumbuka kwamba safu ni maandishi, kwa hiyo mtu wa benki akilibofya mara mbili hatapata shida uliyoipata wewe. Benki wakidai CSV, itengeneze kama hatua ya mwisho kabisa, na usiifungue tena kwa Excel ili kuihakiki. Ihakiki kwa Notepad.

Kwa simu ambazo zimeshapoteza sifuri na huna faili la asili, fomula hii inatosha, ikiwa safu ya simu ni B:

```
=IF(LEN(B2)=9,"0"&B2,B2&"")
```

Inaongeza sifuri pale tu tarakimu zikiwa tisa, na zile za 255 inaziacha zilivyo ila inazifanya maandishi. Nakili matokeo, uyabandike kwa Paste Special, Values. Usitumie njia ya kuipamba seli kwa mtindo wa 0000000000: macho yataona sifuri lakini ndani haipo, na mfumo mwingine ukisoma faili hilo unaweza kuchukua 700000001.

Bado mtego mmoja, na huu unawakamata hata wale waliofanya yote hayo sawasawa. Umeingiza NIDA kama maandishi, tarakimu 20 zote zipo, kisha unatafuta waliojirudia kwa COUNTIF. Fomula hiyo ikikuta maandishi yanayofanana na namba huyageuza kuwa namba kabla ya kulinganisha, kwa hiyo inalinganisha tarakimu 15 tu. Mwanachama A na B watahesabiwa kuwa wawili wa aina moja ingawa unaona kwa macho hawafanani. Kwa namba ndefu tumia hii:

```
=SUMPRODUCT(--(C$2:C$500=C2))
```

Alama ya sawasawa hulinganisha maandishi kama maandishi, herufi kwa herufi. Jibu likizidi 1, hapo kweli amejirudia.

Kama PDF yako ilikuwa na NIDA zenye vistari, mfano 19850230-12345-00006-12, una bahati. Kistari kinatosha kuizuia Excel kuiona kama kiasi. Usivitoe kwa Find & Replace, maana vikitoka tu, namba inageuzwa papo hapo na tano za mwisho zinakwenda. Vitoe kwa `=SUBSTITUTE(C2,"-","")` kwenye safu ya pembeni, matokeo yake ni maandishi.

Mwisho, kama kompyuta yako ina Microsoft 365 ya karibuni, fungua File, Options, Data, utafute sehemu ya Automatic Data Conversion. Hapo unaweza kuizima tabia ya kuondoa sifuri za mbele na ile ya kukata namba ndefu. Mimi nazizima kwenye kila kompyuta ninayoifanyia kazi, lakini siitegemei hiyo peke yake: mpangilio huo unakaa kwenye mashine yako, na faili lako litafunguliwa kwenye ya mtu mwingine.